Shajara ya mota ya kinu, Bweyale: fezi tatu, ampea tatu tofauti

Siku ya 1, Jumanne mchana

Hajji amenipigia simu asubuhi: mota imeanza tena kunuka vanishi. Ni ileile ya kinu chake cha posho hapa Bweyale, kando ya barabara ya Gulu, na imeshafungwa koili upya mara mbili ndani ya miezi kumi na minne. Mara ya kwanza lawama zilimwangukia fundi wa kufunga mota, eti alitumia waya mwembamba. Mara ya pili mota ikapelekwa kwa fundi mwingine. Sasa inanuka tena, na Hajji amekwisha kuanza kuuliza bei ya mpya.

Bamba la mota linasema kilowati 15, volti 415, ampea 28, mizunguko 1460 kwa dakika. Staata, yaani kifaa cha kuiwasha mota, ni ya nyota-delta: koili zinaanza zikiwa zimeungwa kwa nyota, kisha zinahamia delta mota inapofanya kazi. Bado tunatumia rangi za zamani: nyekundu, njano na buluu.

Nilimwambia kijana anayeendesha mashine ajaze hopa na aache lango la mahindi mahali pamoja bila kuligusa, kisha nikabana waya mmoja mmoja kwa klampu mita. Nakiri nilianza vibaya. Nilibana nyaya zinazotoka kwenye kontakta kwenda motani, nikasoma ampea 16, nikasema moyoni kwamba mota hii haifanyi kazi yoyote. Nilisahau kwamba katika delta waya huo unabeba mkondo wa koili moja tu, si wa laini. Mkondo wa laini ni ule wa koili mara 1.73, na namba ya ampea kwenye bamba ni ya laini. Nikarudi nyuma, nikabana nyaya zinazoingia kwenye staata kutoka swichi kuu:

nyekundu 27.9, njano 27.0, buluu 25.8.

Volti kati ya fezi na fezi: nyekundu-njano 414, njano-buluu 409, buluu-nyekundu 410. Hapa hakuna ugonjwa. Ningekuwa na haraka ningemwambia Hajji mota ni nzima, nikachukua nauli yangu nikaondoka.

Vitu viwili vilinizuia. Kwanza, kijana alisema harufu huja usiku, wakati foleni ya wateja ni ndefu. Pili, ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikivuta ampea kupita kiasi. Katika staata hii ovalodi imekaa kwenye nyaya za koili, kwa hiyo inatakiwa kuwekwa kwenye 28 mara 0.58, yaani ampea 16 na kidogo. Niliikuta kwenye 20. Nilipouliza nani aliizungusha, kila mtu aliangalia mahindi. Baadaye kijana akanifuata pembeni: "Fundi, ilikuwa inakata kila jioni. Wateja wanapiga kelele." Basi ovalodi ilikuwa inasema kweli, na ndiyo iliyonyamazishwa. Nimeirudisha kwenye 16, na nitakuja jioni.

Siku ya 2, Jumatano, saa moja na nusu usiku

Nilipima kwanza mashine ikiwa tupu, bila mahindi. Mita ilionyesha nyekundu 12.8, njano 15.1, buluu 6.6. Hajji alikuwa nyuma yangu, akashika kichwa. Fezi moja inakula zaidi ya mara mbili ya nyingine!

Nikamwambia asubiri. Vipimo vya mota tupu vinatisha kuliko hali yenyewe, nitaeleza kwa nini chini kidogo. Tukajaza hopa, lango likawekwa palepale pa jana, nikasubiri dakika tano mzigo utulie. Kila waya nilisoma mara tatu, maana mahindi hayaingii sawasawa na namba inacheza:

nyekundu 32.1, njano 27.0, buluu 22.5.

Papo hapo, mota ikiendelea kuzunguka, nikapima volti: nyekundu-njano 413, njano-buluu 393, buluu-nyekundu 396.

Hesabu yake ni rahisi. Tafuta wastani wa namba tatu, angalia ni ipi iliyo mbali zaidi na wastani huo, tofauti igawe kwa wastani, zidisha kwa 100. Wastani wa ampea ni 27.2. Iliyo mbali zaidi ni 32.1, tofauti 4.9, kwa hiyo mkondo umepotoka asilimia 18. Wastani wa volti ni 400.7. Iliyo mbali ni 413, tofauti 12.3, kwa hiyo volti zimepotoka asilimia 3.1.

Angalia hizo mbili kwa pamoja. Volti zimekosana kwa asilimia tatu tu, kiasi ambacho mtu anaweza kukipuuza, na ampea zimekosana kwa karibu mara sita ya hapo. Na wastani wa ampea ni 27.2, chini ya 28 ya bambani. Fundi aliyebana waya mmoja, kama ni wa njano, angeandika "mzigo sawa" na kwenda nyumbani.

Mambo ya mita yenyewe, niyaandike nisije nikayarudia kwa maneno kila siku. Taya zibane waya mmoja tu. Ukibana zote tatu za mota pamoja, mikondo inafutana na mita inaonyesha karibu sifuri. Taya zifunge kabisa. Vumbi la unga likikaa kwenye midomo yake namba inashuka, na humu kinuni vumbi ndilo hewa. Waya ukae katikati ya taya, na fezi zote zipimwe kwa mita ileile. Mita yangu inaweza kukosea kama asilimia mbili, kwa hiyo tofauti ya nusu ampea kati ya fezi siibishanii.

Usiku huohuo, nyumbani

Hajji aliuliza swali zuri wakati tunafunga: "Kama wastani ni mzuri, joto linatoka wapi?"

Jibu la kwanza liko kwenye koili. Joto la waya linakwenda na mkondo mara mkondo. Kabla ya kuondoka nilibana pia nyaya za koili, zile zile zilizonidanganya jana, nikapata 18.2, 16.0 na 13.4. Wastani ni karibu 15.9. Koili ya kwanza inabeba asilimia 15 zaidi ya wastani, lakini joto lake ni karibu theluthi moja zaidi. Koili yenye 13.4 inapoa, sawa, ila ubaridi wake haumsaidii jirani. Mota haifi kwa wastani. Inaungua pale penye joto kubwa kuliko pote. Nilimpigia yule fundi wa kwanza aliyelaumiwa, nikamuuliza alipoifungua alikuta nini. Akasema makundi ya koili za fezi moja yalikuwa meusi kama makaa na mengine yamebadilika rangi tu. Masikini, ushahidi alikuwa nao mkononi.

Jibu la pili halionekani kwa mita. Volti tatu zikilingana, zinatengeneza sumaku moja inayozunguka upande mmoja, na rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, inaifuata nyuma kidogo tu. Zisipolingana, ni kama mota imelishwa vyanzo viwili kwa wakati mmoja: kikubwa kinachozungusha mbele, na kidogo kinachotaka kuzungusha nyuma. Kile kidogo hakishindi, rota inaendelea mbele, lakini sumaku yake inaipita rota kwa kasi ya karibu mara mbili. Rota iliyozoea mkondo wa mzunguko mmoja au miwili hivi kwa sekunde sasa inapata pia mkondo wa karibu mizunguko 100 kwa sekunde. Mkondo wa namna hiyo haupiti katika unene wote wa vyuma vya rota, unajibana juu juu, na hapo unachemsha. Joto hilo linapita kwenye shafti na kwenye hewa ya ndani, linarudi kwenye koili. Kazi ya kusaga haliongezi hata kidogo, linapunguza nguvu.

Hapo ndipo inapotoka ile "mara sita". Kwa sumaku ya nyuma, mota inaonekana kama imesimama. Na kila fundi anajua mota iliyosimama ikipewa umeme moja kwa moja inavuta kama mara sita ya ampea zake. Basi asilimia moja ya volti ya nyuma inavuta kama asilimia sita ya mkondo. Kwa baadhi ya mota inafika hata kumi.

Ndiyo sababu pia vipimo vya mota tupu vinatisha. Mkondo wa nyuma unategemea volti, haujali kama kuna mahindi au hakuna. Zile ampea tano hivi zipo mota ikiwa tupu na zipo ikiwa imejaa. Ukizilinganisha na ampea 11 za mota tupu ni janga, ukizilinganisha na 27 ni asilimia 18. Tena bila mzigo hata fezi ya juu inabadilika: kwenye tupu ilikuwa njano, kwenye mzigo ni nyekundu. Anayetaka kulinganisha leo na kesho apime kwa mzigo uleule, la sivyo anajidanganya.

Kwa joto lenyewe, kanuni ya mafundi ni hii: zidisha upotofu wa volti kwa wenyewe, kisha mara mbili, unapata asilimia ya joto linaloongezeka juu ya lile la kawaida. 3.1 mara 3.1 mara 2 ni kama 19. Ikiwa koili za mota hii kwa mzigo kamili zinapanda nyuzi 80 juu ya hewa ya chumba, sasa zinapanda 95. Nyuzi 15 ni nyingi, kwa sababu hesabu iliyozoeleka ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wa insulesheni nusu. Kiwango cha NEMA MG 1 cha Marekani kinataka upotofu wa volti usizidi asilimia 1. Ukizidi, mzigo upunguzwe, na kupita asilimia 5 mota isiendeshwe kabisa. Kwa asilimia 3 kinaruhusu chini kidogo ya asilimia 90 ya nguvu, yaani kilowati 13 kwenye hii yetu.

Siku ya 3, Alhamisi usiku

Kazi ya leo ilikuwa moja: kujua kosa liko kwenye umeme unaoingia au liko kwenye mota. Koili iliyofungwa vibaya nayo inaleta ampea zisizolingana, na Hajji alikuwa bado anamtazama fundi wa pili kwa jicho baya.

Njia ni kuzungusha nyaya. Nilizima swichi kuu, nikahakikisha kwa mita kwamba pamekufa, kisha kwenye ncha za kutokea swichi nikahamisha nyaya zote tatu hatua moja kwa mpangilio: wa kwanza pa wa pili, wa pili pa wa tatu, wa tatu pa wa kwanza. Lazima zihame zote tatu. Ukibadilisha mbili tu mota inazunguka kinyume. Kisha tukasaga dakika kumi, nikapima, nikazima, nikahamisha hatua nyingine, nikapima tena. Kila mara nilibana upande wa umeme unaoingia na kuandika rangi ya fezi ya laini, si namba ya waya wa mota.

Hatua ya pili: nyekundu 31.6, njano 27.4, buluu 22.9. Hatua ya tatu: nyekundu 31.9, njano 26.8, buluu 23.0.

Mota imeonja fezi zote kwa kila waya wake, na ampea kubwa haikuondoka kwenye nyekundu. Kosa lingekuwa la koili au la kontakta iliyoungua, ile 32 ingehama pamoja na waya wa mota: ingekwenda njano, kisha buluu. Haikuhama. Mota haina hatia, na fundi wa pili pia. Hajji alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Basi yule wa kwanza nilimtukana bure." Sikumjibu.

Kesho naanza kufuata laini.

Siku ya 4, Ijumaa jioni

Swali la leo: je, kuna kiungo kibovu mahali fulani, au fezi moja imelemewa?

Nilizima mota nikapima volti tupu. Kiungo kilichooza kinaonekana pale mkondo mkubwa unapokipitia. Mota ikizimwa, volti hulingana. Hapa ilikuwa kinyume: nyekundu-njano 421, njano-buluu 399, buluu-nyekundu 402. Hiyo ni asilimia 3.4, mbaya kuliko mota ikiwa inazunguka. Nilipima mara mbili kwa kutoamini, mpaka nikakumbuka ampea za juzi. Mota inavuta sana kwenye nyekundu iliyo na nguvu na kidogo kwenye buluu iliyo dhaifu. Inaishusha iliyo juu na kuipunguzia mzigo iliyo chini. Inasawazisha umeme wa mtaa mzima, na gharama inalipa kwa koili zake.

Basi buluu imelemewa, na imelemewa bila sisi. Au ndivyo nilivyodhani. Nilibana nyaya zinazotoka kwenye mita ya umeme ya Hajji, mota ikiwa imezimwa: nyekundu ampea 4, njano 5, buluu 31.

"Hajji, hizi 31 ni za nani?"

Zilikuwa zake. Ana vyumba vitano vya kupangisha mbele ya kinu. Kuna saluni yenye mashine mbili za kukaushia nywele, duka lenye friza mbili, mama anayechemsha maji ya chai kwa birika la umeme, na vyumba viwili vya kulala. Aliyefunga umeme alichukua waya mmoja wa buluu kwa vyote vitano, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Saa moja jioni vyote vinawaka, na ndipo foleni ya kinu nayo inapokuwa ndefu.

Hajji si peke yake. Mtaa una laini ndefu kutoka transfoma, na ukifuata nyaya zinazoshuka nguzoni kwenda majumbani, nyingi zimeng'ang'ania waya mmoja. Pale siruhusiwi kugusa na sitagusa. Ila hizi 31 ni za kwetu.

Siku ya 6, Jumapili

Saluni imehamia nyekundu, duka njano, vyumba vingine vimebaki buluu. Kila chumba kina fezi moja tu. Sikutaka soketi mbili za chumba kimoja ziwe na volti 415 kati yake. Kila mzunguko una nyutro yake. Kazi yote ilichukua asubuhi nzima, na nusu ya muda ulikwenda kumsihi dada wa saluni aondoe wateja.

Jioni, mota imezimwa: nyekundu 13, njano 14, buluu 13. Mota ikisaga, volti 411, 398, 400, ampea 30.2, 27.1, 24.1. Upotofu wa volti umeshuka kutoka 3.1 hadi 2.0, wa ampea kutoka 18 hadi 11. Kwa ile kanuni, joto la ziada limeshuka kutoka asilimia 19 hadi 8. Ni mengi kwa kazi ya kuhamisha waya. Ila nyekundu bado iko juu ya 28, kwa hiyo kijana nimempa agizo: kuanzia saa kumi na mbili jioni afunge lango la mahindi kidogo, mpaka nyekundu isome 27. Namba ya kuangalia ni ya fezi ya juu, si wastani. Foleni itaenda polepole.

Nimeandika barua kwa watu wa umeme. Sikuandika "umeme mbaya". Niliandika volti tatu, saa, tarehe, mota ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, jioni tatu mfululizo.

Siku ya 27

Walikuja juzi, wakahamisha nyaya kadhaa za majirani kwenye nguzo mbili. Tulisubiri wiki tatu, na katikati nilipiga simu mara nne.

Leo saa moja na nusu usiku, hopa imejaa, lango palepale pa siku ya kwanza: volti 409, 404, 405. Ampea: nyekundu 28.2, njano 27.1, buluu 25.7. Upotofu wa volti 0.7, wa ampea chini ya 5. Nyekundu imepita bamba kwa nukta mbili, ambazo ziko ndani ya kosa la mita yangu. Ganda la mota baada ya saa tatu za kusaga lilisoma nyuzi 61. Jioni ya siku ya 2, kwa mzigo uleule na muda uleule, lilikuwa 74. Ganda haliniambii joto la koili, ambalo liko juu zaidi, lakini kulinganisha ganda kwa ganda kunatosha.

Harufu imekwisha. Ovalodi iko kwenye 16, na juu ya kitufe chake nimepaka rangi ya kucha niliyoomba saluni, ili akikizungusha mtu nijue. Hajji ameacha kuuliza bei ya mota mpya. Anauliza sasa kama mpangaji wa chumba cha tatu anaweza kuleta mashine ya kuchomelea. Nimemwambia asimruhusu kabla sijaja na klampu mita.